Kopi Zilizobaki

Ujumbe wangu wa kwanza wa kujibu barua pepe bila mimi kuwepo niliuiba. Mwenzangu mmoja anayefundisha Lubumbashi alikuwa ameuweka kwenye barua zake: "Nimepokea ujumbe wako. Nitakujibu ndani ya saa ishirini na nne." Niliupenda. Ulikuwa na adabu, na ulimfanya mtu afikiri mwandishi wake ana ofisi yenye kiyoyozi na makatibu wawili. Msimu wa mitihani ulipoanza hapa Kamina nikaunakili neno kwa neno, nikaenda zangu kusahihisha.

Kesho yake alasiri nilikuta wanafunzi sita wamekaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba yangu. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Mmoja alisimama, akaninyooshea simu ili niione saa.

"Mama Prof, saa makumi mbili na ine ilishapita," alisema kwa upole. "Sasa tuko mu ya makumi mbili na tano."

Niliwafukuza, nikaona aibu, kisha nikaendelea kusema uongo ule ule hadi mwisho wa msimu, kwa sababu sikujua jinsi ya kuuzima.

Mwaka uliofuata niliamua kusema kweli. Mimi nafundisha takwimu kwa walimu wa kesho. Kazi yangu yote ni kuwaambia watu wasidanganye kwa namba, na pia wasidanganywe nazo. Basi jioni moja ya Jumapili nilihesabu kopi za mtihani zilizorundikana mezani, nikafungua ile sehemu ya mipangilio ambayo unaandika siku ya kwanza, siku ya mwisho na maneno yako, nikaandika. Niliandika kwa Kifaransa, kama tunavyoandikiana chuoni, lakini kwa lugha ya nyumbani ilikuwa hivi:

"Nasahihisha. Nina kopi 260. Namaliza kama ishirini kwa siku, na Jumapili napumzika. Mpaka kopi ziishe sitasoma barua pepe ya mtu yeyote, yako ikiwemo. Kuniuliza alama zako hakuziongezi. Kopi zikiisha nitasoma kazi za wanaomaliza masomo, moja kwa siku, kwa jinsi zilivyonifikia. Ukihesabu ukaona siku yangu ya kusoma inaipita siku yako ya kukabidhi, usiningoje. Nenda kwa msaidizi wangu. Ana ruhusa ya kusoma na kutia sahihi badala yangu, na karatasi ya ruhusa hiyo iko kwa katibu wa kitivo. Yupo mjini hadi Jumamosi ya wiki ya pili saa sita mchana, kisha anakwenda Bukama. Kopi zilizobaki leo: 260."

Nilipobonyeza kuhifadhi nilijisikia msafi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Mtu wa kwanza kuuchukua ujumbe huo kwa uzito alikuwa mwanafunzi aliyeishi kambi ya jeshi, mke wa sajini, mama wa watoto watatu, ambaye miaka yote aliketi mstari wa mbele na kuniuliza maswali niliyotamani asiulize. Kazi yake ya mwisho, juu ya mahudhurio ya watoto wa askari shuleni, ilikuwa ya kwanza kwenye rundo la kazi nilizopaswa kusoma. Tulikuwa tumeshairekebisha mara mbili. Palibaki niisome mara ya mwisho na kutia sahihi, maana bila sahihi hiyo kitivo hakipokei. Na kitivo kilikuwa kinafunga mlango wa kupokea Jumatano ya wiki ya tatu, saa sita mchana. Siku mbili baadaye yeye, mumewe, watoto na masufuria walikuwa wanaondoka Kamina, kwa kuwa mume amehamishiwa mkoa mwingine, huko mbali. Akikosa Jumatano, angeondoka bila diploma, na wanawake wenye watoto watatu wakishahama na masomo nusu, sijui wangapi huwa wanarudi kuyamaliza.

Alinikuta Jumatatu asubuhi nje ya kitivo. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kiganja.

"Mama Prof, kama unafanya makumi mbili kila siku, kopi zitaisha Jumatatu ya tatu. Kazi yangu utasoma Mardi, kesho yake. Merkredi asubui, mbele mulango ifungwe, minyi nadeposer ku kitivo. Njo vile?"

"Njo vile, ndivyo," nikamwambia.

"Iko juste-juste."

"Iko juste-juste. Hakuna hata siku moja ya akiba. Ukiona naanguka nyuma, unajua pa kwenda."

"Namba njo itanionyesha," alisema, akaenda zake.

Sasa lazima nieleze tabia ya ile mashine, maana ndiyo iliyoniponza. Mtu akikuandikia, inamjibu mara moja. Akiandika tena kesho, inanyamaza hadi siku nne zipite, ili isimchoshe. Lakini ukibadilisha maneno ya ujumbe, inasahau yote na kuanza upya na kila mtu. Na mimi kila jioni nilikuwa nabadilisha ule mstari wa mwisho, kopi zilizobaki. Kwa hiyo kila asubuhi, yeyote aliyeniandikia alipata namba mpya.

Mimi sikuligundua hilo. Wanafunzi waligundua ndani ya siku mbili. Wakaanza kunitumia barua tupu. Nyingine zilikuwa na neno "Jambo" tu, nyingine nukta moja. Hawakuwa wanataka jibu langu, walitaka namba.

Alhamisi asubuhi nilipita mbele ya ubao wa matangazo nikakuta watu wamejaa kama vile matokeo yametoka. Apariteri wetu, yule mzee anayebandika kila tangazo kwa gundi ya muhogo, alikuwa amebandika karatasi ya mistari. Juu yake wanafunzi wangu wamechora siku chini na kopi ubavuni, wakaweka vidoti vyangu: 241, 218, 201. Halafu wakapitisha mstari katikati ya vidoti, kama nilivyowafundisha, wakaurefusha hadi unagusa sifuri. Pale ulipogusa waliandika kwa kalamu nyekundu: "Jumatatu ya tatu, Mungu akipenda."

"Nani amekupa ruhusa ya kubandika hii?" nikamuuliza apariteri.

"Mama, kitu yote ya kitivo inapita ku ubao," akanijibu bila kugeuka. "Na weye uko kitu ya kitivo."

Nilikasirika kwa muda wa kama hatua kumi. Kisha nikarudi nyuma kutazama vizuri, nikaona mstari wameupitisha sawasawa kabisa, hata wale waliokuwa wakisinzia darasani. Nilifurahi, kusema kweli. Miaka yote nawapigia kelele kuhusu mstari ule, kumbe walihitaji kunichora mimi.

Toka siku hiyo nikawa nasahihisha kama mchezaji mbele ya watazamaji. Alhamisi 179. Ijumaa nilipunguza kopi kumi na sita tu, 163, na sokoni muuza nyanya, ambaye mwanawe yuko mwaka wa pili, aliniuliza kama naumwa. Jumamosi 142. Jumatatu ya wiki ya pili 121, Jumanne 103, Jumatano 80. Kidoti kimoja juu kidogo ya mstari, kingine chini kidogo, lakini tulikuwa tunakwenda. Kila asubuhi mke wa sajini aliandika kutoka kambini kabla ya kuamsha watoto. Niliona jina lake kwenye orodha ya barua, sikufungua. Nilikuwa nimesema sisomi, basi nisisome.

Halafu ikaja Alhamisi.

Alhamisi treni ilileta samaki kutoka Bukama, wabichi, wakubwa, na mdogo wangu wa kike akapita nyumbani kuniambia tu. Ati kuniambia tu! Nikasema naenda nusu saa. Kwenye samaki pale karibu na stesheni tukakutana na shangazi yetu, shangazi akasema samaki kama hao hawaliwi kwa haraka, tukaenda kwake. Bukari, ugali wetu, ilipikwa, sombe ya majani ya muhogo ikapikwa, mambo ya ukoo yakazungumzwa tangu wazee wetu. Nikala kama mtu asiye na kopi duniani. Baada ya hapo nililala kwenye mkeka wa shangazi, usingizi mzito wa aibu, nikaamka jua linateremka.

Kopi nilizosahihisha siku hiyo: sifuri.

Nilirudi nyumbani, nikafungua ile sehemu ya kubadilisha namba. Ilikuwa imeandikwa 80. Nilichotakiwa kufanya ni kuiacha. Lakini nikauona ule ubao. Niliona kidoti cha kesho kimeganda palepale kama punda, niliona apariteri akikizungushia duara jekundu, na muuza nyanya akiniuliza tena kama naumwa. Nikafuta 80, nikaandika 60. Nikajiambia kesho nitafanya arobaini, kwani nini, na hakuna atakayejua.

Kesho yake, Ijumaa, saa mbili asubuhi mkuu wa kitivo aliniita. Alikuwa ameniandikia juu ya juri, kile kikao cha kupitisha alama, na mashine ikamjibu kwamba sitasoma barua ya mtu yeyote, yake ikiwemo. Alikuwa ameichapa. Aliiweka mezani, akaigongagonga kwa kidole.

"Mama, minyi doyen. Mashine yako inaniambia ningoje?"

"Tata, haijui kutofautisha. Inajibu kila mtu sawasawa."

"Na hii, 'kuniuliza alama zako hakuziongezi.' Minyi nilikuuliza alama?"

"Hapana, Tata."

"Basi."

Akanisomea ujumbe wangu wote, sentensi baada ya sentensi, na kwa kila sentensi alikuwa na hotuba. Heshima ya kitivo. Vijana wa siku hizi. Alivyokuwa yeye akijibu barua kwa mkono, kwa wino, siku ileile. Nilikaa nikitikisa kichwa na kuhesabu kopi zinazopita. Ilipofika saa saba alinyamaza, akavua miwani, akashusha sauti.

"Sasa niambie. Pale mu simu, munabonyeza wapi?"

Nikamwekea na yeye ujumbe wa namna hiyo. Hilo lilichukua saa nzima nyingine, kwa sababu alitaka wa kwake uanze na salamu kwa viongozi wote kwa ngazi zao.

Nilipofika nyumbani muda wa arobaini haukuwepo tena. Nilijaribu kukimbia. Nikasahihisha haraka, nyekundu hapa, nyekundu pale, mpaka nikampa kijana mmoja saba juu ya ishirini, nikaiweka kopi pembeni, nikaona nyuma ya karatasi kuna maandishi. Sikuwa nimegeuza ukurasa. Nyuma alikuwa amefanya swali zima, vizuri sana, kwa mwandiko wa kubana. Nikampa kumi na nne zake, nikaweka kalamu chini. Kisha nikaanza tena polepole, nikigeuza kila ukurasa.

Siku hiyo nilimaliza kopi kumi na nne. Kweli ilikuwa 66. Kwenye mashine niliandika 40, kwa kuwa ukishaandika 60 jana, leo utaandika nini?

Jumamosi niliamka na ile hesabu imesimama mbele yangu. Kopi 66. Juri ilitaka alama Jumanne jioni. Hata nikifanya kazi Jumapili ninayoipumzikia, ningemaliza Jumanne hiyohiyo. Kazi ya mke wa sajini ningeishika Jumatano, na Jumatano saa sita mlango unafungwa. Wakati huo yeye kambini alikuwa na namba yangu ya uongo, 60 ya jana au 40 ya leo, na kwa yoyote kati ya hizo kila kitu kiko juste-juste, hana sababu ya kumtafuta msaidizi. Na msaidizi alikuwa anaondoka saa sita. Miaka yote ya huyu mama ningeimeza pamoja na samaki.

Nilifungua ujumbe nikaandika: "Nimewadanganya. Alhamisi sikusahihisha hata kopi moja. Kopi zilizobaki si 40, ni 66. Mwenye haraka aende kwa msaidizi LEO kabla ya saa sita." Nikahifadhi, nikakaa mbele ya orodha ya barua kungoja jina lake. Ilikuwa saa moja na nusu, saa yake ya kawaida imeshapita. Barua tupu zilianza kuingia, jambo, nukta, jambo. Wote wakapata ungamo langu. Jina lake halikutokea. Saa mbili. Saa tatu kasoro.

Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Mashine inamjibu anayeandika. Asiyeandika haimfuati hata hatua moja, uwe umeungama namna gani. Na simu yake sikuwa nayo, kwa vile mimi ndiye nilitangaza darasani kwa kiburi kwamba sibadilishani namba na wanafunzi.

Nikasimamisha pikipiki. Nilikaa nyuma na kofia ya kanisa kichwani, maana ndiyo niliyoiona karibu, na njia yote nilimpigia kelele dereva aongeze mwendo, kisha nikampigia kelele apunguze. Kwenye kizuizi cha kambi askari alitaka kujua nimekuja kwa nani na kwa shauri gani.

"Nimekuja kuomba samahani," nikamwambia.

Akainua mti wa kizuizi bila kuuliza tena.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akifunga masufuria kwa kamba, moja ndani ya jingine. Watoto wamekaa juu ya godoro lililokunjwa. Aliponiona aliifuta mikono haraka, akatafuta kiti, hakukuwa na kiti ambacho hakijafungwa, akanipa ndoo iliyogeuzwa.

"Mama Prof! Karibu. Kuko nini?"

Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, ya Alhamisi, ya 60, ya 40, ya 66. Nikamwambia achukue kazi yake sasa hivi, pikipiki inangoja, msaidizi bado yuko mjini. Nilikuwa karibu kulia, na sikujali watoto wanaona.

Yeye akaniacha nimalize. Halafu akaingia ndani, akatoka na bahasha, akaifungua. Ukurasa wa kwanza wa kazi yake ulikuwa na sahihi ya msaidizi, na chini yake muhuri wa kitivo wa kupokelewa, wenye tarehe ya jana.

"Nilisha kudeposer, Mama. Jana."

Nikaikalia ile ndoo.

"Ulijuaje?"

Alijibu taratibu, kama mwanafunzi anayeogopa kumsahihisha mwalimu mbele ya watu.

"Mama, namba yako kila siku iliruka. Siku moja kumi na tisa, ingine makumi mbili na tatu, ingine kumi na sita. Njo namba ya muntu anayetumika kazi. Vendredi ya jana asubui inashuka makumi mbili kamili. Weye mwenyewe ulitufundisha: namba ikiwa nzuri sana, uliza nani ameipika."

Mtoto wake mkubwa alicheka, sijui kwa nini. Nami nikacheka, kwa kukosa la kufanya. Nilikuwa na haya na nilikuwa na furaha, na hadi leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

"Lakini ungeniambia," nikasema. "Nimekuja mbio hivi, na kofia ya kanisa."

"Nilikuambia, Mama. Nilikuandikia jana midi. Mashine haikujibu, ilikuwa imeshanijibu asubui. Nikasema, basi, yeye mwenyewe alisema hasomi. Leo sikuandika tena, namba ilikuwa ya bure."

Nikarudi mjini polepole. Mbele ya ubao pamejaa watu, na apariteri alikuwa juu ya kiti na kalamu nyekundu, anafuta vidoti viwili. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Nyumbani, kabla ya kugusa kopi ya kwanza kati ya zile 66, nilivunja sheria yangu. Nilishuka kwenye orodha, nikapita nukta na jambo, hadi jina lake, Ijumaa mchana. Alikuwa ameandika mistari miwili, kwa Kifaransa safi cha mtihani. Wa kwanza ulisema anakwenda kwa msaidizi na ananishukuru kwa kumwonyesha njia mapema. Wa pili ulisema kwamba Alhamisi alikuwa stesheni kununua chakula cha safari, aliniona, hakutaka kunisumbua, na anatumaini samaki walikuwa wazuri.